Kabla ya kujisifu umeliosha vipi, jiulize pipa hilo lilibeba nini

Msimu wa nyanya za umwagiliaji ukikaribia, simu yangu hujaa swali moja. Mtu anapiga kwamba amepata mapipa ya bei nafuu mjini, au ana madumu ya dawa yamejaa stoo, na anataka kujua ayaoshe kwa nini ili ayatumie. Wengine wanasema sabuni ya unga, wengine majivu, wengine mchanga na jua la siku tatu. Kila mmoja ana fomula yake, na kila mmoja anaapa kwamba harufu iliisha kabisa.

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu hamtaupenda: tunaanza na swali lisilo lake. Swali la kuosha ni la pili. La kwanza ni chombo hicho kilibeba nini tangu kilipotoka kiwandani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kitaoshwa kitumike kwa maji, kitaoshwa kwa kazi nyingine tu, au kitasuuzwa na kutobolewa siku hiyohiyo. Usipokuwa na jibu, hakuna sabuni itakayokupa.

Hesabu ya chombo kimoja tu

Kwa nini nalisema hili kwa ukali? Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman, wilaya ya Saran, jimbo la Bihar nchini India, watoto walikula chakula cha mchana shuleni kama siku zote. Watoto 23 walifariki. Uchunguzi wa maabara ulikuta kiuatilifu kiitwacho monokrotofosi kwenye mafuta ya kupikia, na maafisa walieleza kwamba mafuta hayo yaliwekwa kwenye chombo kilichowahi kuwa na kiuatilifu. Baada ya tukio hilo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa wito kwa nchi kuviondoa sokoni viuatilifu vyenye sumu kali.

Utasema India ni mbali. Lakini dumu la lita 5 lenye mfuniko mzuri ni lilelile hapa na kule. Ni gumu, halivuji, lina mshikio, na mtu asiye na hela ya kununua jipya analiona kama zawadi. Mfanyakazi wako anaweza kulichukua kwa nia njema kabisa akawekee mafuta ya alizeti nyumbani kwake. Aliyenunua dawa na kuliacha wazi ni wewe.

Mapipa matano chini ya mwembe

Nichukue mfano mmoja tuupitie polepole. Kijana mmoja wa maeneo ya Ilula, mkoani Iringa, analima nyanya ekari mbili. Aliniita nimshauri mambo ya matone, yaani umwagiliaji wa dripu, nikakuta chini ya mwembe amepanga vyombo vitano. Mawili ni mapipa ya chuma ya lita 200 ya oili ya injini. La tatu ni pipa la plastiki la bluu lenye lebo ya juisi nzito ya maembe, lebo imebandikwa vizuri na haijachanika. La nne ni pipa la bluu kama lile la tatu, ukubwa uleule, ila halina lebo, limebaki gundi tu. Cha tano ni kifurushi cha madumu saba ya lita 5 ya dawa za wadudu na magugu.

Alikuwa na mpango mzuri tu kichwani. Mapipa ya chuma yakatwe vichwa, moja liwe la maji ya kuchanganyia dawa, jingine la kuhifadhia mahindi. Mapipa ya bluu yawe ya maji ya kunywa ya vibarua. Madumu yagawiwe vibarua wakachotee maji.

Akaniambia, "Bwana shamba, haya ya bluu nimeyasugua kwa mchanga siku mbili. Nusa mwenyewe."

Nikamjibu, "Mdogo wangu, pua haipimi sumu. Niambie haya umeyatoa wapi."

Lile la juisi alilinunua kwa mtu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha vinywaji, na lebo inalingana na maneno. Lile lisilo na lebo alilinunua mnadani, na muuzaji alisema tu "lilikuwa na sabuni." Hapo ndipo tulipotengeneza makundi matatu.

Kundi la kwanza: vyombo vya viuatilifu

Haya madumu saba hayana mjadala. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu, ya magugu, ya ukungu, ya panya au ya kuogeshea mifugo hakitumiki tena kwa maji, chakula, maziwa, pombe, mafuta wala chakula cha mifugo. Hata ukikiosha mara ishirini.

Watu wengi wanadhani sumu inakaa juu ya plastiki kama vumbi linavyokaa juu ya meza, kwamba ukifuta imeondoka. Sivyo ilivyo. Angalia lebo ya dawa yako. Ukiona herufi EC baada ya namba, maana yake dawa imeyeyushwa kwenye kiyeyushi cha jamii ya mafuta, ndiyo sababu ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa. Viyeyushi hivyo huingia ndani ya ukuta wa plastiki na kwenda na dawa. Wewe unasugua uso, dawa imo ndani ya ukuta. Ukijaza maji na kuyaacha juani, ukuta ule huanza kuirudisha kidogokidogo. Ukiweka mafuta ya kula au maziwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu dawa nyingi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo mafuta huzivuta kwa nguvu.

Kuchemsha maji yaliyotoka humo hakusaidii. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Klorini inaua vijidudu, haiondoi sumu ya dawa. Hayo matatu ndiyo watu hunitajia mara kwa mara, na yote matatu ni ya tatizo jingine kabisa.

Sasa kama chombo hakitumiki tena, kwa nini tunakisuuza? Kwa sababu mbili. Kwanza, kinachobaki ndani ni dawa uliyoilipia. Pili, chombo kilichosuuzwa ni hatari ndogo sana kwa mtoto au ng'ombe atakayekigusa.

Usuuzaji unafanyika palepale unapochanganya dawa, kabla mabaki hayajakauka. Dawa ikishakaukia kwenye shingo ya chupa, maji peke yake hayaitoi. Vaa glovu za mpira, viatu vya buti na miwani. Mimina dawa kwenye bomba la kupulizia, kisha acha chupa imeinama juu ya mdomo wa bomba kwa sekunde 30 hadi matone yaishe. Tia maji safi mpaka robo ya chupa, funga mfuniko, tikisa sekunde 30 ukiigeuza juu chini, kisha mimina maji hayo ndani ya bomba lilelile na uache yachuruzike tena sekunde 30. Rudia mpaka zifike mara tatu. Mwisho ndipo unajazia bomba maji hadi kiasi chake. Kwa hiyo maji ya kusuuzia yanaenda kwenye mimea yako, hayamwagwi kwenye mfereji.

Kwa nini mara tatu na si mara moja kwa maji mengi? Tufanye hesabu. Chukua chupa ya lita 1 iliyobaki na mililita 20 za dawa. Ukiongeza maji ifike mililita 250, ukatikisa na kumimina, tuseme kila mara inabaki mililita 10 ukutani. Baada ya mara ya kwanza, ndani ya hizo 10 kuna dawa mililita 0.8. Baada ya mara ya pili inabaki 0.03. Baada ya mara ya tatu inabaki kama elfu moja ya mililita. Sasa chukua maji yaleyale yote, yatie kwa mkupuo mmoja na kumwaga mara moja. Itabaki kama mililita 0.27, yaani mara 200 na zaidi ya ile ya awamu tatu. Maji ni yaleyale, tofauti ni kuyagawa.

Ukimaliza, toboa. Msumari mkubwa chini na ubavuni, matundu manne au matano, dumu lisiweze tena kushika maji. Na toboa siku hiyohiyo, mwenyewe au ukiwa umesimama hapo. Nasisitiza hivi kwa sababu dumu zima likilala usiku mmoja pembeni ya shamba, asubuhi hulikuti. Kisha weka kwenye gunia ndani ya stoo inayofungwa. Usichome moto, moshi wake nao ni sumu na vibarua wako ndio watauvuta. Usitupe shimo la choo wala karibu na kisima.

Kijana yule aliniuliza, "Sasa magunia yakijaa nipeleke wapi?" Ni swali la haki. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ndiyo inayosimamia viuatilifu nchini, na afisa ugani wako anaweza kukuunganisha na ofisi zao ili ujue utaratibu wa eneo lako. Lakini maoni yangu ni kwamba anayeuza dawa naye awe sehemu ya safari ya kurudi. Tunajua kurudisha kreti la soda dukani, kwa hiyo kurudisha madumu yaliyotobolewa si elimu ngeni kwetu. Mkiwa kikundi cha vijana ishirini mnaonunua duka moja, mna nguvu ya kumwambia mwenye duka: tunanunua kwako, na wewe tupokelee magunia yetu upeleke kwa msambazaji wako. Mmoja peke yake akisema hasikilizwi, ishirini wanasikilizwa.

Kundi la pili: mapipa ya oili na mafuta ya magari

Hapa kuna hatari mbili, na watu wengi wanaifikiria moja tu.

Hatari ya kwanza inakuja kabla hata hujaanza kuosha: kulikata. Pipa "tupu" la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake kuna mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unangoja cheche tu. Watu wanajua hivyo kwa petroli, ila wanadharau dizeli na oili kwa sababu hazishiki moto upesi zikiwa baridi. Fundi akilenga moto wa gesi au akiweka gurudumu la kukatia kwenye pipa hilo, utando mwembamba wa oili ulioganda ukutani unapata joto, unageuka mvuke, na mvuke huo ukifikia kiwango chake pipa linalipuka. Kichwa cha pipa huruka, na fundi ndiye amekiinamia.

Kwa hiyo pipa la petroli usilikate kabisa, liache. Pipa la oili halikatwi kwa moto wala kwa mashine ya cheche. Linaoshwa kwanza, linajazwa maji mpaka karibu na mstari unaotaka kukata, vifuniko vyote viwili vikiwa wazi, kisha linakatwa taratibu kwa tindo na nyundo. Inachukua muda na inachosha mkono, lakini ndiyo njia. Na jamani, msioshe pipa la oili kwa petroli. Nimeliona hilo mara nyingi gereji. Petroli inaondoa oili kweli, halafu inakuachia hatari kubwa kuliko uliyoianza nayo.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Pipa liwe nje, mbali na jiko na sigara. Fungua vifuniko vyote viwili, lilaze juu ya mawe au magogo likiwa limeinamia upande wa tundu kubwa, weka chombo chini, liache juani siku nzima lichuruzike. Oili inayotoka ikusanye, usiimwage chini. Kisha tia lita 20 za maji ya moto, sabuni ya unga nusu kilo, na ndoo ndogo ya kokoto safi za kusugulia. Funga, lilaze, libingirishe dakika kumi, kisha lisimamishe kichwa chini na kichwa juu ili kila upande upate. Fungua kifuniko kidogo kwanza, taratibu, kwa sababu maji ya moto huweka mgandamizo ndani. Mwaga kwenye beseni, rudia na maji mapya ya sabuni mara mbili zaidi, kisha suuza.

Maji machafu yaache yatulie. Oili itaelea. Iondoe kwa maranda ya mbao au matambara makavu, na hayo maranda usiyatupe shambani wala kwenye mboji. Maji ya sabuni yanayobaki yamwage mbali na kisima, mfereji na mto.

Utajuaje limesafika? Tia lita tano za maji safi, liache usiku kucha, asubuhi mimina kwenye beseni na uliangalie juani. Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji, bado. Chukua pia kitambaa cheupe kwenye fimbo, pitisha ukutani na kwenye maungio ya chini. Kikitoka cheusi au kinateleza, rudi kwenye sabuni.

Sasa sikilizeni vizuri. Likifaulu vipimo vyote hivyo, limefaulu kwa kazi za nje tu. Unaweza kulifanya tanuri la kuchomea mkaa wa mabua, pipa la taka, la kuwekea majembe na mabomba, au la kushikia maji ya kujengea. Halijafaulu kwa maji ya kunywa ya watu au mifugo, wala chakula. Oili ya injini ina viungio vya kikemikali vya kulinda injini, na hujui kama pipa lilitumika tena na mtu mwingine kukusanyia oili chafu, ambayo hubeba chembe za metali na masizi. Maungio ya juu na chini ya pipa yamekunjwa, oili hujificha humo na hakuna brashi inayofika.

Na mahindi je? Watu wanapenda mapipa haya kwa sababu panya hapenyi. Ni kweli hapenyi. Lakini punje inavuta harufu na mafuta, na pipa la chuma likipigwa jua mchana na baridi usiku linatoa jasho ndani, mahindi yanaota ukungu. Kwa kazi hiyo kuna vihenge vya chuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya nafaka, na kuna mifuko ya PICS inayozuia hewa. Hakuna sababu ya kuhangaika na pipa la oili.

Kijana wa Ilula alitaka pia moja liwe la kuchanganyia dawa. Hapo nilimpa sababu ya kikulima kabisa. Maji yenye utando wa oili na kutu yanaziba nozeli za bomba na matundu ya dripu. Na glaifoseti ikikaa kwenye chombo cha chuma kisichopakwa rangi ya ndani, au cha bati la zinki, inaweza kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Lebo za glaifoseti zenyewe hukataza. Changanyia kwenye plastiki iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, yenye alama kubwa ya rangi.

Kundi la tatu: mapipa ya bluu

Haya ndiyo yanayotudanganya zaidi, kwa sababu pipa la juisi na pipa la kemikali ya viwandani yanaweza kufanana kama mapacha. Rangi ya bluu haimaanishi chakula.

Kuna alama mbili ambazo vijana hunionyesha kama ushahidi. Ya kwanza ni ile namba 2 ndani ya pembetatu. Hiyo inakuambia aina ya plastiki tu, kwa ajili ya wanaoyeyusha plastiki. Madumu ya dawa nayo huwa nayo. Ya pili ni alama ya glasi na uma. Hiyo inasema plastiki ilifaa kwa chakula ilipotoka kiwandani. Haisemi kilichowekwa baadaye. Kwa upande mwingine, ukiona alama ya fuvu, alama ya umbo la almasi yenye picha ya hatari, au mstari wa rangi nyekundu au njano wa lebo za viuatilifu, mjadala umeisha.

Kinachokubalika kwangu ni mambo mawili yakiwa pamoja: lebo ya asili ya chakula ambayo ipo mahali pake, na muuzaji anayeweza kukueleza limetoka wapi na halijapita mkono mwingine. Pipa la tatu chini ya ule mwembe lilikuwa na yote mawili, kwa hiyo tukaliosha kwa ajili ya maji ya kunywa. Pipa la nne halikuwa na hata moja. "Lilikuwa na sabuni" ni maneno ya mnadani.

Kuosha pipa la chakula ni kazi nyepesi. Sugua kwa brashi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza mpaka povu liishe. Kisha jaza maji safi lita 200 na uweke mililita 300 za dawa ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato, ile yenye klorini asilimia 3.5, ambayo ni kama chupa ndogo ya soda. Funga, acha saa 24, mwaga, suuza, jaza maji ya kunywa. Andika kwa rangi ubavuni MAJI YA KUNYWA, liweke kivulini, weka koki ili watu wasichovye vikombe. Kumbuka tena kwamba klorini hapa inamaliza vijidudu vya juisi iliyochacha. Isingemaliza kitu kwenye pipa la nne.

Mwisho wa siku chini ya mwembe ulikuwa hivi: pipa moja la maji ya kunywa, mawili ya chuma ya kazi za nje, moja la bluu lisilojulikana likakatwa katikati liwe la kubebea mabua, na madumu saba yakatobolewa. Alilalamika kidogo, na ana haki, kwani alitegemea mapipa matatu ya maji akapata moja. Lakini pipa la kununua ni gharama ya mara moja, na kibarua akianza kutoka jasho, mate na machozi kwa wingi, akatapika, misuli ikatetemeka na mboni za macho zikawa ndogo kama nukta, hiyo ni gharama nyingine. Ukiona dalili hizo, usipoteze muda na maziwa wala usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali na ubebe lebo ya dawa, daktari ataihitaji.

Daftari la madumu

Kwa anayelima kibiashara napendekeza kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi kuliko mabango. Katika daftari lako la pembejeo, ongeza safu moja mbele ya kila dawa: madumu yaliyoingia, madumu yaliyotobolewa. Ukinunua 24, mwisho wa msimu gunia liwe na 24. Yakiwa 21, matatu yapo kwenye nyumba ya mtu, na unatakiwa kuyatafuta kabla hayajajazwa mafuta ya kula. Waambie vibarua wazi kwa nini unayahesabu, na wanunulie madumu ya maji, maana ukimnyima mtu dumu bila kumpa jingine umemfundisha kulificha.

Wanaolima parachichi au mboga za kuuza nje watakutana na hili kwa njia nyingine. Ukaguzi wa GLOBALG.A.P. unataka vyombo tupu vya dawa visuuzwe, visitumike tena na vihifadhiwe salama. Mkaguzi akikuta dumu la dawa lina maji karibu na meza ya kufungashia, hakuulizi uliliosha kwa nini.

Leo jioni zunguka shamba lako na msumari mkononi. Kila dumu la dawa utakalolikuta zima, litoboe. Kila pipa ambalo hujui lilibeba nini, andika juu yake SI YA MAJI, na umwambie kila mtu nyumbani maana yake.

Kazi njema, tuonane shambani.